Siku yangu ya leo kiwandani, na ile robo saa ya kuongelea usingizi

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, jana saa 3 na nusu nilikuwa kitandani maana leo naongea mbele za watu. Mimi ni nesi wa zahanati ya kiwanda, na leo ni siku ya afya kwa wafanyakazi.

Saa 2 asubuhi, kupima presha na sukari, foleni mpaka mlangoni.

Saa 4 zamu yangu. Nikawaambia niwaache na jambo moja tu, wale mnaolala masaa sita na kusema "mi nishazoea". Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani walitoa matokeo ya watu waliowekwa kwenye masaa sita kwa usiku, siku 14 mfululizo. Kipimo chao rahisi tu, unakaa mbele ya skrini dakika kumi, namba ikitokea unabonyeza, ukichelewa zaidi ya nusu sekunde unahesabiwa umepotea. Kila siku waliendelea kupotea zaidi, mpaka mwishoni wakawa sawa na mtu aliyekesha usiku mzima. Sasa hapa ndo nataka mnielewe jamani, ukiwauliza wanajisikiaje, walisema usingizi kidogo tu, yani siku za mwanzo walihisi uchovu halafu hisia ikatulia huku makosa yanazidi kupanda. Kwa hiyo kujisikia fresh sio kipimo.

Kaka mmoja wa stoo akauliza, "sista, mbona mi nahesabu mzigo vizuri tu?" Nikamwambia mtu wa hivyo anahesabu vizuri maboksi mengi tu, ila katikati akili inazima sekunde moja, anaruka mstari kwenye shiti, na ukimpima dakika moja humkamati, ndo maana wale walipima kumi.

Tukakaa na ratiba yake. Analala saa 6 usiku, anaamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala. Kuamka hakusogei, basi tunasogeza kulala. Kahawa yake ya mwisho ni saa 11 jioni, na kwa watu wengi nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya masaa kama matano, kwa hiyo saa 4 usiku bado amebeba nusu kikombe. Tukakubaliana mwisho saa 7 mchana, na kulala arudishe nusu saa kila siku chache, sio kuruka masaa mawili siku moja halafu akae anaangalia dari.

Saa 8 mchana supavaiza kanifuata zahanati, anasema yeye ndo anatuma ratiba ya kesho kwenye grupu la WhatsApp saa 5 usiku na watu wanakaa macho wakiisubiri. Tukapatana iwe inatoka saa 11 jioni kabla watu hawajaondoka, leo ishatoka.

Wa zamu ya usiku wameomba siku yao, maana kulala mchana kuna mambo yake.