Barua kwa meneja wa mikopo

Nilipoachishwa kazi, rejesho la mkopo lililofuata lilikuwa limebakiza wiki kama tatu. Nilikuwa nadaiwa milioni 6 kamili, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa juu ya salio, na miezi 24 ya kulipa. Kila mwezi benki ilikata 299,545 kwenye mshahara. Sasa mshahara ulikuwa haupo tena, na kilichokuwa njiani ni malipo ya kuachishwa kazi tu, ambayo yangepitia akaunti ileile.

Kabla ya kuandika chochote niliutoa mkataba wa mkopo kabatini nikausoma wote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Mawili yalinihusu. Bima ya mkopo niliyokuwa nikikatwa ilihusu kifo na ulemavu wa kudumu, si kupoteza kazi. Na palikuwa na kifungu kinachoiruhusu benki kuchukua rejesho lililochelewa kutoka akaunti yangu yoyote iliyo kwao, bila kuniuliza. Kwa hiyo barua ilipaswa kufika kabla ya tarehe ya rejesho. Baada ya hapo ningekuwa mdaiwa aliyechelewa, faini imeanza kuhesabiwa, na malipo yangu yanakatwa huku mazungumzo hayajaanza.

Mdogo wa mume wangu aliwahi kuwa afisa mikopo kwa miaka mingi. Nilimpelekea rasimu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

“Shemeji, hii ni barua nzuri ya kuhurumiwa,” alisema. “Lakini anayeipokea hana mamlaka ya kukuhurumia. Ana fomu ya kujaza kwa ajili ya kamati ya mikopo. Mpe cha kujaza.”

Alinieleza kwamba fomu ile, kwa namna yoyote itakavyokuwa, huuliza mambo yaleyale: nini kimebadilika na ushahidi uko wapi, fedha zitatoka wapi sasa, mteja anaomba kiasi gani kwa muda gani, na kwa nini tuamini kwamba mpango huu hautavunjika tena baada ya miezi minne. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha maombi mengi. Mtu ana hofu, anaahidi kikubwa ili apendeze, halafu anashindwa. Mkopo uliopangwa upya ukishindikana, mara ya pili mlango huwa mzito.

Tukakaa na kalamu. Mume wangu alikuwa analeta nyumbani 380,000 kwa mwezi. Mimi, ambaye kazi yangu ni uhasibu, nilikuwa nimepata wafanyabiashara wawili wa kuwaandalia vitabu vyao vya hesabu, jumla 260,000, ila malipo yao yangeanza kuingia baada ya miezi mitatu. Kulikuwa na mteja wa tatu aliyesema “tutaongea.” Shemeji alimfuta kwa mstari mmoja. Asiye na mkataba wa maandishi hahesabiwi. Matumizi ya nyumbani, baada ya kupunguza tulivyoweza kuvipunguza kweli, yalikuwa 420,000. Wateja wakishaanza kulipa, zingebaki 220,000.

Mimi nilitaka kuomba mapumziko kamili ya miezi mitatu, nisilipe kitu mpaka wateja waanze kulipa. Akakataa. Riba ya milioni 6 kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi ni 90,000. Nisipoilipa, inaongezwa kwenye deni, na mwezi unaofuata nayo inazaa riba. Nikiilipa riba peke yake, salio linabaki palepale, na benki inaona mteja ambaye hajakosa hata mwezi mmoja. 270,000 za miezi mitatu, pamoja na 40,000 za kila mwezi ambazo zingepungua kwenye matumizi kabla wateja hawajaanza kulipa, zingetoka kwenye malipo ya kuachishwa kazi.

Baada ya hapo deni lote lingelipwa kwa miezi 42, na rejesho lingekuwa 193,586. Niliuliza kwa nini tusiweke 220,000 yote, tumalize mapema. “Na mtoto akiugua?” aliuliza. Nafasi ya elfu ishirini na sita ilikuwa ndogo mno kwa maoni yangu, lakini ilikuwapo. Kilichobaki kwenye malipo ya kuachishwa kazi tulikitaja kama akiba inayotosha marejesho mawili, na tukaeleza kwa nini hatukitumii kupunguza deni: kingepunguza rejesho kidogo tu, kisha mshtuko wa kwanza ungetukuta mikono mitupu.

Barua iliingia kwenye ukurasa mmoja. Kichwa chake kilikuwa na namba ya mkopo na maneno “Ombi la kupanga upya marejesho.” Aya ya kwanza ilitaja tarehe ya kuachishwa kazi na kusema kwamba mpaka siku ile hakuna rejesho lililochelewa. Kiini chake kilikuwa hiki:

“Naomba kulipa riba tu, 90,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu kuanzia rejesho lijalo, kisha salio la 6,000,000 lilipwe kwa miezi 42, kwa 193,586 kila mwezi, kwa kiwango cha riba cha sasa. Naomba pia nithibitishiwe kwa maandishi kwamba katika kipindi hiki sitatozwa faini ya ucheleweshaji, na nielezwe ombi hili litaripotiwaje kwenye kumbukumbu zangu za mikopo.”

Niliambatisha barua ya kuachishwa kazi, mikataba miwili ya wateja, hati ya mshahara ya mume wangu, taarifa ya akaunti na jedwali la mapato na matumizi. Nilipeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nayo.

Bei ya unafuu ule niliijua, kwa sababu niliihesabu mwenyewe. Kwa mpango wa zamani riba iliyobaki ilikuwa takriban milioni 1.19. Kwa mpango mpya ingekuwa milioni 2.4. Ni zaidi ya mara mbili, na afisa anayekusifia rejesho dogo hakutajii jambo hili usipouliza.

Kamati ilijibu kwa kukubali miezi mitatu ya riba, lakini ikataka salio liishe kwa miezi 36, yaani 216,915 kwa mwezi. Nilirudi na jedwali lilelile. Nilimwonyesha afisa mstari wa chini: kwa rejesho lao tungebaki na elfu tatu na ushei. Aliutazama, akaandika kitu pembeni, akasema, “Dada, hii siwezi kuitetea hata mimi.” Wakakubali miezi 42, kwa sharti kwamba hali yangu iangaliwe upya baada ya mwaka. Nami nikaomba kifungu kimoja: nikipata fedha nilipe zaidi bila adhabu, na ziada hiyo ipunguze deni la msingi, isihesabiwe kama rejesho la mwezi ujao. Walikiandika.

Mume wangu, aliyekuwa mdhamini, ilibidi asaini nyongeza ya mkataba pamoja nami. Bila saini yake mpango ulikuwa haujaanza, na rejesho la zamani lilikuwa bado linadaiwa. Niliomba jedwali jipya la marejesho palepale kaunta, na pia nikauliza kuhusu agizo la makato. Lilikuwa bado limewekwa kwa 299,545. Afisa alilibadilisha nikiwa nimesimama mbele yake.

Nilipoajiriwa tena mwaka uliofuata, kifungu kile cha ziada ndicho nilichokitumia kwanza.