Siku yangu wodi ya kujifungulia: puto, dripu na kuhesabu uchungu

Mimi ni nesi mkunga hapa Nairobi, leo nawapa siku moja ya zamu ya mchana.

Saa moja asubuhi napokea ripoti. Kitanda cha tatu kuna mama wa mimba ya kwanza, wiki 41, uchungu haujaanza wenyewe. Jana jioni alipimwa akapata skoo ya Bishop 2, yaani mlango wa kizazi bado hauko tayari. Hiyo skoo inaangalia vitu vitano: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, umekonda aje, ni mgumu ama laini, umeelekea nyuma ama mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Wake ulikuwa sentimita 1, mnene, uko nyuma, mtoto bado juu. Hapo ukikimbilia dripu ya oksitosini unakazanisha kizazi huku mlango umekataa, mama anateseka siku nzima na mara nyingi anaishia teatani. Kwa hivyo saa tatu usiku waliingiza katheta ya foli, ile ile ya mkojo, ikapita mlango wa kizazi na puto likajazwa maji mililita 60. Puto linasukuma mlango pole pole, na pia linafanya mwili wenyewe utoe prostaglandini zake, zile za kulainisha mlango.

Saa mbili na nusu ananiita, "Sista, kuna kitu kimetoka!" Ni puto, na hiyo ndio tunataka. Nampima, sentimita 4, laini, umekonda zaidi ya nusu na umeanza kuja mbele, skoo sasa ni 8. Saa tatu daktari anapasua chupa, maji ni safi.

Saa nne naweka oksitosini yuniti 2.5 kwenye dripu ya mililita 500. Naanza matone 10 kwa dakika, naongeza 10 kila nusu saa, na nikipata uchungu mara tatu ndani ya dakika kumi, kila moja ukipita sekunde 40, naacha hapo siongezi tena. Mkono wangu unakaa juu ya tumbo, kwa sababu uso wa mama haukuambii kila kitu, wengine wananyamaza tu.

Kitanda cha nne ni mama aliyepasuka chupa bila uchungu, yeye yuko kwa misoprostol ya kunywa, dawa ya kuanzisha uchungu, sisi tunaiita miso. Tembe ya mikrogramu 200 tunaiyeyusha kwa maji mililita 200, anakunywa mililita 25 kila masaa mawili, yaani mikrogramu 25, na lazima ukoroge kila mara kabla ya kupima. Mama mkwe wake anauliza mbona huyu mwingine amewekewa dripu na wao hawajawekewa. Namwambia, "Mama, dripu nikiifunga, nguvu yake inaanza kushuka baada ya dakika chache, lakini miso ikishamezwa siwezi kuirudisha, nikiziweka pamoja kizazi kinaweza kukazana kupita kiasi." Akaelewa, akaenda kumletea uji. (Na mama mwenye kovu la upasuaji wa zamani wa kizazi miso hapewi kabisa, kizazi kinaweza kupasuka.)

Saa sita kasorobo, kitanda cha tatu kiko matone 40. Nahesabu uchungu mara sita kwa dakika kumi, tumbo halilegei vizuri katikati, yaani moja haujaisha ingine imeingia. Zaidi ya tano ni nyingi mno. Nasikiliza moyo wa mtoto na dopla baada ya uchungu, 96, na unarudi juu polepole. Kizazi kikikaza, damu haipiti vizuri kwa kondo, mtoto anahitaji ule muda wa kupumzika ndio ajaze oksijeni tena. Nafunga oksitosini papo hapo, namlaza ubavu wa kushoto, nafungulia maji matupu, naita daktari, naangalia pia kama kitovu kimetangulia, hapana. Tabutalini ya kulegeza kizazi, mikrogramu 250 ya kudunga chini ya ngozi, iko tayari lakini hatukuihitaji, ndani ya dakika kumi hivi uchungu ulipungua na moyo ukarudi 132.

Saa saba, moyo umetulia, tunaanza tena kwa matone 20 tu. Tukabaki hapo mpaka mwisho, uchungu mara tatu au nne, ikatosha kabisa! Hiyo ndio huwa nasisitiza kwa wanafunzi, matone ni ya kufikia uchungu mzuri, sio ya kufikia namba fulani.

Saa kumi na moja na robo akajifungua msichana wa kilo 3.4, analia vizuri. Kizazi kilichoendeshwa na dripu siku nzima kinaweza kulegea na kuvuja damu, so oksitosini yuniti 10 ya sindano ikaingia mara moja na nikaendelea kukagua tumbo.

Saa moja jioni naandika ripoti ya kitanda cha nne: dozi ya mwisho ya miso saa kumi, uchungu mara mbili kwa dakika kumi, moyo 140. Wodi yetu tunasubiri masaa sita, so nikamwambia mwenzangu wa usiku oksitosini isiguswe kabla ya saa nne, na ampime kwanza.