Mbili kwa mbili iliyouzwa kwa bei ya mbili kwa kumi na mbili

Jumamosi iliyopita nilishinda dukani kwa binamu yangu, anayeuza mbao na vifaa vya ujenzi, nikitafuta sababu ya ankara moja kukataa kukubaliana na akili. Mteja alichukua vipande 10 vya mbao ya mbili kwa mbili, ambayo kipande chake ni shilingi 4,500, lakini lahajedwali ilimwandikia shilingi 32,000 kwa kila kipande. Fomula ilikuwa hii, na niliiandika mimi mwenyewe mwaka jana:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$180,2,FALSE)
```

Dukani vipimo huandikwa kwa nyota: 2*2, 2*4, 2*12. Uamuzi huo ulikuwa na maana, kwa sababu ukiandika 2/4 Excel huigeuza kuwa tarehe. Nilichosahau ni kwamba VLOOKUP, inayotafuta neno katika orodha na kuleta bei yake, hata ukiiambia FALSE ili ioanishe sawasawa, huisoma nyota iliyomo katika neno linalotafutwa kuwa ni "herufi zozote, idadi yoyote, hata kama hakuna". Kwa hiyo A2 yenye 2*2 haikutafuta mbili kwa mbili, bali ilitafuta chochote kinachoanza na 2 na kuishia na 2. Mbao ya 2*12 inatimiza sharti hilo kikamilifu.

Kilichonisumbua zaidi ni swali la kwa nini kosa lilijificha mwaka mzima. Jibu lilikuwa katika mpangilio wa orodha. Zamani bei zilipangwa kwa ukubwa, 2*2 ikiwa juu ya 2*12, na VLOOKUP hushika mstari wa kwanza unaofaa, kwa hiyo ilipatia kwa bahati tu. Wiki iliyopita kijana wa duka aliipanga orodha kwa alfabeti, na kwa kuwa haya ni maandishi wala si namba, 2*12 ikatangulia 2*2, maana 1 huja kabla ya 2. Hakuharibu kitu, alifunua tu kilichokuwa kibovu tangu mwanzo.

Ili kuhakikisha, niliandika kando kwa kando fomula mbili za kuhesabu mistari ya orodha inayolingana na A2:

```
=COUNTIF(Bei!$A$2:$A$180,A2)
=SUMPRODUCT(--(Bei!$A$2:$A$180=A2))
```

Ya kwanza hufuata maana ya nyota, ikatoa 2. Ya pili hulinganisha kwa alama ya sawasawa, ambayo haijui nyota kuwa ni kitu cha pekee, ikatoa 1. Popote namba hizi mbili zilipotofautiana, nilijua pana hatari. Kiulizo nacho kilijitokeza humo: mtu aliandika "KITASA A?" kwa kuwa hakuwa na hakika na aina ya kitasa, na badala ya kupata #N/A, yaani kosa la kutopatikana, akapewa bei ya KITASA A1, kwa sababu kiulizo husimama mahali pa herufi moja yoyote.

Dawa ni alama ya tilde, yaani ~, ambayo ikitangulia nyota au kiulizo huiambia Excel iisome alama hiyo kama ilivyo. Nakiri kwamba kwanza niliitia katika orodha ya bei, na hapo hata nilipotafuta 2~*2 haikupatikana kabisa. Nyota iliyoko katika orodha haina madhara yoyote. Inayohitaji tilde ni ile iliyo katika neno linalotafutwa:

```
=VLOOKUP(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,"~","~~"),"*","~*"),"?","~?"),Bei!$A$2:$B$180,2,FALSE)
```

Tilde yenyewe lazima ishughulikiwe kwanza, ndani kabisa, kwani ukiiacha iwe ya mwisho itazidisha maradufu zile tilde ulizokwisha kuziweka. Baada ya hapo mbili kwa mbili ikarudi shilingi 4,500, lakini misumari, ambayo msimbo wake ni namba tupu, ikaanza kutoa #N/A: SUBSTITUTE hugeuza namba kuwa maandishi. Nikazungushia IF(ISNUMBER(A2),A2,…) na mambo yakatulia. Kwenye Excel mpya ningetumia XLOOKUP, ambayo haijali nyota mpaka uiandikie 2 katika nafasi ya tano, lakini kompyuta ya duka bado ina toleo la 2016.

Jioni binamu akataka nyota zote katika orodha zibadilishwe kuwa x. Nilibonyeza Ctrl+H, nikaandika * na x, na kila seli ya orodha ikabaki na herufi x peke yake, pamoja na bei. Ctrl+Z iliniokoa. Safari ya pili niliandika ~*, ila fomula ndefu nikaiongezea tu hatua moja ya kugeuza nyota kuwa x, kwa sababu vijana wa kaunta wameshazoea kuandika 2*2 na sidhani kama wataacha.