Safu ya pili: nilivyopanga mwongozo wangu wa famakolojia

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi ulikuwa huu: andika kadi moja kwa kila dawa, mbele jina, nyuma madhara, kisha zungusha kadi hizo asubuhi na jioni mpaka ziingie kichwani. Mpaka leo ushauri huo unanikera. Niliufuata mpaka kadi zikapita mia, na karibu kila kadi ikawa na maneno yale yale: kichefuchefu, kuharisha, kizunguzungu, kichwa kuuma. Yote ni kweli, lakini enalaprili ilionekana kama amlodipini, na amlodipini kama metronidazoli. Mtihani hauulizi kama enalaprili huleta kizunguzungu. Unakupa mgonjwa mwenye malalamiko manne na kukutaka uchague lipi umpigie daktari simu sasa hivi. Hapo kadi zangu zilikuwa kimya.

Nikaacha kadi nikahamia kwenye makundi, na hapo nikaangukia mtego wa pili, yaani kupanga dawa kwa mwisho wa majina. Mbinu yenyewe ni nzuri. Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili ni ndugu. Losatani na valsatani ni ndugu. Propranololi na atenololi vilevile. Lakini angalia wale wa "azoli". Omeprazoli hupunguza tindikali ya tumbo, flukonazoli huua fangasi, metronidazoli hupambana na bakteria na vijidudu kama amiba, na aripiprazoli hutibu magonjwa ya akili. Hata ukisogea mpaka "prazoli", bado omeprazoli na aripiprazoli watalala kitanda kimoja bila kujuana. Kwa hiyo mwisho wa jina nautumia kama dokezo la kunipeleka kwenye kundi, na dawa haiingii kwenye ukurasa mpaka niwe nimehakikisha inagusa kitu kile kile mwilini.

Ukurasa wenyewe ni karatasi ya A4 iliyolazwa, kundi moja kwa karatasi moja, upande mmoja tu. Nina safu nne: kundi na dawa zake, sentimita 4, namna linavyofanya kazi, sentimita 7, madhara, sentimita 7, mambo ya muuguzi kuzingatia, sentimita 10. Safu ya mwisho ni pana kwa makusudi, maana ndiyo inayotumika kitandani kwa mgonjwa.

Siri yote iko kwenye safu ya pili. Mwanzoni nilikuwa nanakili sentensi ya kitabuni, "huzuia kimeng'enya kinachogeuza angiotensini", na kuendelea na safari. Sentensi hiyo haizai chochote. Sasa najilazimisha kujibu maswali matatu kwa maneno yangu. Dawa inagusa nini? Kilichoguswa kilikuwa na kazi gani kabla ya dawa kuja? Kikizuiwa, nini kinapungua na nini kinajaa? Swali la tatu lina vipande viwili, na kile cha "nini kinajaa" ndicho watu wengi hukiruka.

Chukua ukurasa wangu wa kundi la prili. Dawa hizi zinagusa kimeng'enya kimoja ambacho kina kazi mbili. Kwanza, hugeuza angiotensini ya kwanza kuwa angiotensini ya pili, ambayo hubana mishipa ya damu na kuchochea homoni ya aldosteroni. Aldosteroni nayo huliambia figo libakize sodiamu na maji na litoe potasiamu. Kazi ya pili ni kuvunja bradikinini. Sasa kizuie. Angiotensini ya pili inapungua, mishipa inalegea, shinikizo la damu linashuka. Aldosteroni inapungua, sodiamu na maji vinatoka, potasiamu inabaki. Na bradikinini, ambayo hakuna tena wa kuivunja vizuri, inajaa.

Ukishaandika hivyo, safu ya tatu inajiandika yenyewe. Mishipa kulegea inaleta kizunguzungu na shinikizo kushuka, hasa baada ya dozi ya kwanza, na zaidi kwa mgonjwa aliyekuwa tayari anatumia dawa za kukojosha, kwa sababu maji yake ni machache. Potasiamu kubaki inaleta potasiamu kupanda. Bradikinini kujaa inaleta kikohozi kikavu kisichoisha, na mara chache uvimbe wa midomo, ulimi na koo. Figo nalo lina habari yake: angiotensini ya pili ndiyo inayobana kimshipa kinachotoa damu kwenye chujio la figo ili presha ya kuchujia isishuke, kwa hiyo ikipungua, kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, inaweza kupanda kidogo. Kila dhara nimelichorea mshale kutoka safu ya pili. Lisilopata mshale, kama vipele vya mzio, naliweka kwenye kisanduku kidogo chini ya safu, na hayo tu ndiyo ninayokariri. Kwa kundi la prili kisanduku hicho hakizidi mistari miwili.

Mshale wa bradikinini ulinilipa tena nilipofika kwa kina satani. Losatani haigusi kimeng'enya. Inakaa mlangoni, kwenye vipokezi vya angiotensini ya pili. Kimeng'enya kinaendelea kuvunja bradikinini kama kawaida, ndiyo maana mgonjwa aliyeshindwa na kikohozi cha enalaprili mara nyingi huhamishiwa losatani. Ukurasa wa satani niliuandika kwa mistari michache tu: kama prili, toa bradikinini. Mstari wa potasiamu unabaki ule ule, wa figo unabaki ule ule, na makundi yote mawili hayatolewi kwa mjamzito kwa sababu yanaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa figo zake.

Safu ya nne ndiyo niliyoifuta mara nyingi kuliko zote. Nilikuwa naandika "fuatilia figo", "fuatilia shinikizo", "mwelimishe mgonjwa". Soma maneno hayo ukiwa umeshika trei ya dawa uone kama yanakuambia ufanye nini. Sasa kila mstari wa safu hii una vitu vitatu: kipimo, namba, na hatua. Halafu nimeugawa kwa wakati: kabla ya kutoa, baada ya kutoa, na ya kumwambia mgonjwa.

Kwa prili, kabla ya kutoa: pima shinikizo, la juu likiwa chini ya 90, au chini ya kiwango alichoandika daktari, zuia dozi na mjulishe. Angalia potasiamu ya karibuni. Kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Angalia kreatinini na uilinganishe na ile ya kabla ya kuanza dawa, kwa sababu kupanda hadi asilimia 30 kwa kawaida huvumilika, na zaidi ya hapo ni habari ya kumpelekea daktari. Muulize mwanamke kama anaweza kuwa na ujauzito. Kama ni kaptoprili, itolewe saa moja kabla ya chakula, kwa kuwa chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Enalaprili haina sharti hilo.

Baada ya kutoa: pima shinikizo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. La juu likishuka kwa 20 au zaidi, asitembee peke yake. Mgonjwa akisema midomo inavimba au sauti imebadilika, dawa inasimama hapo hapo na msaada unaitwa, maana njia ya hewa inaweza kuziba. Kikohozi kikavu kinaripotiwa, lakini hakimkimbizi mtu. Mstari huu wa mwisho ndio uliojibu lile swali la malalamiko manne.

Ya kumwambia mgonjwa nimeyafanya machache: inuka taratibu, usinunue chumvi mbadala kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na usimeze ibuprofeni au diklofenaki kiholela.

Hiyo ya ibuprofeni ndiyo iliyonionyesha kwamba karatasi hizi zinapaswa kusomwa mbilimbili. Nilijiwekea zoezi: mgonjwa wa moyo anatumia enalaprili na spironolaktoni, goti linauma, akapewa ibuprofeni, na wiki moja baadaye potasiamu ni 5.8. Nikatandaza karatasi tatu mezani na kusoma safu ya pili pekee. Enalaprili inapunguza aldosteroni. Spironolaktoni inaziba vipokezi vya aldosteroni ile kidogo iliyobaki. Ibuprofeni inapunguza prostaglandini, na prostaglandini ndizo zinazoweka wazi kimshipa kinachoingiza damu kwenye chujio la figo. Kwa hiyo potasiamu imefungiwa milango miwili, na chujio lenyewe limebanwa kwa mbele huku nyuma limelegezwa na enalaprili. Hakuna kadi moja kati ya zile mia ingeniambia hivyo. Hatua za muuguzi zikafuata: zuia dozi inayofuata ya dawa hizo, mjulishe daktari mara moja, andaa kipimo cha umeme wa moyo, na uliza kama sampuli ilipata shida wakati wa kuchukuliwa, kwa maana seli za damu zikipasuka kwenye chupa humwaga potasiamu na kuonyesha namba ya juu isiyo ya kweli. Sampuli hurudiwa, lakini mgonjwa hasubirishwi kwa ajili yake.

Kwa sababu ya zoezi hilo nikaongeza alama moja kwenye kona ya juu ya kila karatasi: K yenye mshale wa juu kwa makundi yanayobakiza potasiamu, K yenye mshale wa chini kwa yanayoitoa. Furosemaidi, dawa ya kukojosha, ina mshale wa chini, na karatasi ya digoksini, dawa ya moyo, ina onyo linaloelekea kwake, kwani potasiamu ikishuka, digoksini huwa sumu hata dozi ikiwa ile ile. Alama nyingine za kona sikuziweka. Nilijaribu rangi tano na karatasi ikawa kama kanga. Jicho halikujua lianzie wapi.

Namna ninavyojipima ni kufunika safu ya tatu na ya nne kwa karatasi tupu, nisome ya pili kwa sauti, kisha nitaje madhara kabla ya kufunua. Nikikosa dhara lenye mshale, kosa haliko kwenye kumbukumbu. Safu ya pili haijaandikwa vizuri, na hiyo ndiyo ninayoirudia. Ndivyo nilivyogundua kasoro kwenye karatasi ya amlodipini. Nilikuwa nimeandika tu "hulegeza mishipa", na uvimbe wa vifundo vya miguu nikautaja kama maji kujaa mwilini, kisha kwenye safu ya nne nikaandika dawa ya kukojosha. Kumbe amlodipini hulegeza zaidi vimishipa vinavyoingiza damu kwenye tishu kuliko vinavyoitoa, presha ndani ya vimishipa vidogo kabisa inapanda, na majimaji yanavuja pale pale mguuni. Furosemaidi haisaidii sana hapo. Nilifuta, nikaandika upya: linganisha miguu yote miwili, pima uzito ili kutofautisha na moyo kushindwa kazi, inua miguu, mjulishe daktari apunguze dozi au abadilishe dawa.