Kumwonyesha filamu bubu mtu aliyezoea filamu za leo

Mtu akiniambia filamu bubu zinamchosha, nakagua kwanza nakala aliyowekewa. Mara nyingi kosa liko hapo: watu wanatembea kama wameingiliwa na siafu, nyuso ni nyeupe pee hata macho hayaonekani, na kinanda kinarudia wimbo mmoja, iwe harusi au mazishi.

Naanza na kasi. Enzi zile mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, hivyo mwendo ulitofautiana: fremu 16 kwa sekunde, 18, 20 au zaidi. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kiwango kikawa 24. Mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa futi 1,000 una fremu 16,000. Ukionyeshwa kwa fremu 16 unachukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa 24 unakwisha kwa dakika 11 na sekunde chache. Ndiyo maana mtu anayelia msibani huonekana kama anafanya mzaha.

Kupima kasi, usimtazame mchekeshaji. Wapiga picha wa vichekesho walizungusha kamera taratibu makusudi, ili vituko vitoke vyepesi. Tazama wapita njia kwa nyuma, moshi, au vumbi linalotua. Vikienda mbio, punguza. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, alama ya `[` hupunguza, `]` huongeza, na `=` hurudisha mwendo wa awali. Kwenye mpv, programu nyingine ya aina hiyo, naandika hivi, kisha nacheza muziki niliouchagua mwenyewe:

```
mpv --speed=0.85 --no-audio filamu.mp4
```

Kwa filamu ya huzuni nashuka hadi wapita njia watembee kama watu. Kwa kichekesho nasimama kabla ya hapo, maana mwendo ukiwa wa kawaida kabisa utani unakufa. Lakini zipo nakala zilizokwisha kurekebishwa kwa kurudia fremu moja katika kila mbili, na hizo hutembea kwa kushtukashtuka. Bonyeza `.` kwenye mpv, au `e` kwenye VLC, usogeze picha mojamoja. Ukiona picha ileile inajirudia kwa mpangilio, usipunguze tena. Tafuta nakala nyingine.

Runinga nayo huharibu. Picha hizi ni karibu mraba, kwa hiyo lazima ziachwe na weusi pembeni. Zikivutwa zijaze kioo, kila mtu ananenepa. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, shusha ukali wa picha, na funga pazia, kwa sababu mwanga wa dirishani humeza kijivu cheusi chote.

Jambo lingine ni rangi. Filamu nyingi za "nyeusi na nyeupe" zilitiwa rangi moja kwa kila onyesho, mara nyingi buluu kwa usiku na manjano ya kahawia kwa ndani kwenye taa. Chukua Nosferatu ya 1922, filamu ya mnyonya damu aitwaye Orlok. Maonyesho ya usiku yalipigwa mchana. Kwenye nakala isiyo na rangi, Orlok anabeba jeneza lake mitaani jua likiwaka, na mtazamaji anauliza, kwa haki kabisa, mbona jua linakuja kumuua mwishoni. Weka nakala yenye buluu na swali hilo halitokei.

Filamu ya kwanza iwe fupi. Mimi naweka One Week ya mchekeshaji Buster Keaton, ya 1920, yenye dakika ishirini na kidogo. Maharusi wanajenga nyumba iliyokuja vipandevipande ndani ya makasha yenye namba, na mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi anazibadilisha namba hizo. Hapo pekee ndipo ninaposema, "Angalia makasha." Asiyeliona hilo ataona nyumba iliyopinda tu, bila sababu. Maandishi ya Kiingereza nayasoma kwa Kiswahili kwa sauti, kwa ufupi, kisha nanyamaza. Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza vyenye DJ wa kutafsiri haoni ajabu, na Japani walikuwa na wasimuliaji wao, benshi, waliokaa kando ya skrini.

Treni inapokuja, nyumba ikiwa imekwama relini, usiseme lolote. Treni ile inapita kwenye reli ya pembeni, watu wanashusha pumzi, kisha nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba. Utani huo unategemea kamera kukaa mbali na kungoja. Huyu mtazamaji, ambaye kwa kawaida hukatiwa picha kila sekunde chache, hapo anangoja bila kuambiwa. Akicheka kwenye treni ya pili, namwekea Sherlock Jr. ya Keaton huyohuyo, ya 1924, dakika kama 45. Akichungulia simu kabla ya makasha, narudi kukagua kasi na muziki kabla ya kubadilisha filamu.