Nilivyojaribu mchezo wangu wa kadi kwa watu nisiowajua

Mchezo wangu unahusu mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam. Wachezaji 4 wanaanza na noti 20 kila mmoja, kadi ya samaki inafunuliwa, watu wanapandisha dau, na baada ya raundi 8 samaki wanauzwa, mwenye fedha nyingi ndiye mshindi. Ndugu na marafiki waliusifu sana, lakini hao walishanisikia nikiueleza, na wakikwama walikuwa wananitazama usoni na kujua la kufanya. Nilihitaji watu watakaoufungua kama atakavyoufungua mnunuzi: boksi, karatasi ya maelezo, basi.

Niliwapata kwenye mgahawa wa chuo na kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu. Kabla ya kuanza niliwaambia, "Jamani, hapa hajaribiwi mtu, unajaribiwa mchezo. Nitakaa pembeni, na maswali ya sheria sitayajibu mpaka mmalize." Kunyamaza ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Unamwona mtu anakosea sheria uliyoifikiria kwa wiki nzima, na mdomo unawasha. Ukifungua tu, jaribio limeharibika, maana hutajua tena kama karatasi yako ingetosha. Waliponiuliza, "Kaka, hapa tunafanyaje?" niliwajibu, "Fanyeni kama ambavyo mngefanya nisingekuwepo," kisha nikaandika swali lao neno kwa neno.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu: saa, nani, na kilichotokea. Safu ya kilichotokea niliiwekea sharti: naandika kile jicho limeona, siandiki maana yake. "Amechoka" hapana. "Ameshika simu raundi ya 4, ameirudisha mezani raundi ya 6" ndiyo. Nilikuwa naangalia mkono uliosimama hewani kabla ya kuweka kadi, mtu anayerudia kusoma karatasi, na pale ambapo meza nzima inainamia mbele kwa pamoja.

Michezo ilipoisha, karibu kila meza ilisema kitu kilekile: "Mzuri, ila mrefu. Punguza raundi." Ushauri huo ulikuwa rahisi kuufuata. Lakini daftari lilikuwa na habari nyingine. Simu hazikushikwa na watu wote, zilishikwa na waliotumia fedha zao mapema. Mtu akinunua nguru na jodari mwanzoni, anabaki na noti 1 au 2, na kila dau linapopanda yeye yupo tu, anasubiri samaki wake wauzwe mwisho. Kwake mchezo ulikuwa mrefu kweli. Wenye fedha hawakuwa na shida na muda. Ndiyo maana siku hizi nachukua malalamiko ya mchezaji kama alama ya mahali panapouma, na dawa anayopendekeza naiweka kando kwanza. Siulizi tena "Umeupenda?" kwa sababu mtu mstaarabu atajibu ndiyo. Nauliza, "Ni wakati gani hukuwa na la kufanya?"

Kwa hiyo raundi zilibaki 8, nikaongeza sheria moja: mwenye fedha kidogo kuliko wote anakuwa dalali wa raundi hiyo. Yeye ndiye anayenadi, na mnunuzi anamlipa noti 1 juu ya bei. Sikugusa kitu kingine, ili nikiona badiliko nijue limetoka wapi. Meza iliyofuata ilichukua karibu muda uleule, hakuna aliyesema mchezo ni mrefu, na dalali wa kwanza alisimama kabisa akipaza sauti, "Kolekole huyo, bado ana pumzi!"

Lalamiko la pili lilikuwa "sheria ni nyingi". Daftari lilionyesha ni sheria moja tu iliyosumbua, ya barafu: samaki asiyewekewa kipande cha barafu mwisho wa raundi anaoza. Waliisoma kwa sauti, waliielewa, na ikifika zamu yake wanaipita. Wengi wangeifuta, lakini bila barafu hakuna sababu ya kuogopa kununua samaki wengi. Nilichora mraba mtupu kwenye kona ya kila kadi ya samaki, saizi ya kipande cha barafu. Mraba mtupu ukikukodolea macho, unakumbuka. Maelezo ya barafu kwenye karatasi sikuyabadilisha hata herufi.

Halafu dalali akaleta jambo lake. Dada mmoja pale chuoni alimaliza fedha makusudi raundi ya 2, akanadi raundi zote zilizobaki, akakusanya noti zake taratibu bila hofu ya samaki kuoza, akashinda. Wenzake walimpigia makofi. Mimi niliandika. Sasa dalali haruhusiwi kunadi raundi mbili mfululizo: kazi inakwenda kwa anayemfuata kwa uhaba wa fedha, na meza zijazo nitaangalia kama raundi anayopumzishwa inamrudisha kwenye simu.