Sita ya Vikombe na rafiki aliyerudi baada ya miaka 16

Mwezi Agosti mwaka 2025 nilipata ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua, na kabla haujafika katikati nilikuwa nimeitambua sauti ya rafiki yangu wa bweni, ambaye tangu mwaka 2009 sikuwa nimemsikia. Alinikumbusha jinsi tulivyokuwa tukisubiri pantoni pale Kigongo tukienda shule upande wa Sengerema, tukigawana karanga za shilingi mia. Mwishoni akasema, "Ndugu yangu, nakuja Mwanza wiki ijayo, nina jambo."

Usiku ule, nyumbani Pasiansi, nilichanganya karata zangu za taroti, karata za picha za kubashiria, seti ileile iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, nikatoa karata tatu: ya kwanza kwa kile ninachokikumbuka, ya pili kwa hali yake ya leo, ya tatu kwa kile kitakachopita kati yetu. Ya kwanza ikawa Sita ya Vikombe. Nilifurahi upesi mno, maana wengi wetu tunaojifunza karata tukiiona hiyo husema tu kwamba mtu wa zamani anarudi, tukafunga kitabu.

Nilipoitazama kwa utulivu niliona mvulana akimpa msichana mdogo kikombe kilichojaa maua meupe, katika ua wa nyumba ya kale, na nyuma yao mlinzi mwenye mkuki akiondoka zake. Huyo mlinzi ndiye ninayemtazama zaidi siku hizi. Utotoni alikuwapo mtu wa kutulinda, kwa hiyo kupokea kitu bila kuuliza hakukuwa na hatari. Mtu mzima anayeipokea zawadi ileile leo hana mlinzi ila akili yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, karata hii inaeleza kumbukumbu ya anayesoma, wala haimwelezi yule aliyerudi.

Arthur Edward Waite, aliyesimamia uchoraji wa seti hiyo, aliieleza karata hii ikiwa wima kuwa ni ya mambo yaliyopita na kumbukumbu, na ikiwa imepinduka kuwa ni ya wakati ujao, yale yatakayotokea karibuni. (Aligusia pia maana nyingine ya wima, ya mahusiano na mazingira mapya, lakini wasomaji wengi huipita.) Nilipoyaweka maelezo hayo katika Kiswahili changu niligundua jambo: wima ni "-li-", kupinduka ni "-ta-", na "-na-" haimo. Leo haimo katika Sita ya Vikombe, hata uigeuze vipi. Lazima itafutwe kwingine.

Karata ya pili ilikuwa Nne ya Sarafu, mtu aliyekumbatia sarafu moja kifuani na kukanyaga mbili, huku ya nne iko kichwani. Wapo wanaoisoma kuwa ubahili. Mimi niliiona pia kama mtu aliyebanwa, asiyethubutu kuachia alicho nacho. Karata peke yake haikuweza kunichagulia. Ya tatu ilikuwa Sita ya Sarafu, tajiri mwenye mizani akiwadondoshea sarafu watu wawili waliopiga magoti. Nilizilaza sita hizo mbili pamoja: katika zote yupo anayetoa na yupo anayepokea, ila katika ya kwanza hakuna anayepima.

Tulikutana kwenye mgahawa karibu na mwalo wa Kirumba. Niliamua kusikiliza vitenzi vyake. Kwa karibu saa nzima ilikuwa "tulikuwa", "tulicheka", "ulinisaidia". Kisha akaruka moja kwa moja hadi "tutauza dagaa wa Ukerewe", "tutagawana faida", "nitakurudishia". Alitaka nimkopeshe shilingi 600,000. Nikamuuliza, "Kwa sasa unaishi wapi, na unafanya kazi gani?" Alinyamaza, akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kupoa, akarudi kwenye habari za pantoni. Nilimwambia kwamba siku hizi pale tunapita juu ya daraja, lililofunguliwa Juni mwaka huohuo wa 2025, naye akacheka kidogo, akakiri kwamba hakuwa na biashara yoyote na kwamba alikuwa akidaiwa kodi ya chumba. Hapo ndipo Nne ya Sarafu iliponifungukia: hakuwa bahili, alikuwa amebanwa.

Sikumkopesha. Mkopo ungetia mizani mikononi mwangu, na kila tukizungumza ningekuwa nikihesabu. Nilimpa shilingi 50,000 nikamwambia wazi kwamba hilo si deni, na kwamba zaidi ya hapo sina. Alizipokea bila kuniangalia usoni, na kwa miezi miwili hakuandika. Nilidhani nimempoteza mara ya pili. Kisha mwezi Oktoba ukaja ujumbe mfupi usiokuwa na neno juu ya shule: "Ninauza mitumba Igoma. Jumamosi niko hapo kuanzia saa mbili asubuhi."